Kabla ya kuhubiri kuhusu rushwa ilibidi kwanza nikarudishe cha juu

Mimi ni mzee wa kanisa kwenye usharika mmoja hapa Dar, mjini kabisa, na kila Jumatano saa saba mchana tuna ibada fupi ya dakika 45 kwa watu wa maofisini na wafanyabiashara, wengine wanatoka Posta kwa mguu, wengine wanafunga duka Kariakoo nusu saa wanakuja wanasali wanarudi. Sasa Mchungaji aliniita akasema mzee wangu, mwezi ujao tuna Jumatano moja ya mahubiri kuhusu rushwa na uaminifu kazini, nataka ahubiri mtu aliyefanya kazi ofisini na anayefanya biashara, na wewe umepita kote. Nikakubali palepale. Miaka 11 nilikuwa afisa manunuzi kwenye kampuni binafsi, sasa nina duka la vifaa vya ujenzi, yani nilijiona ndo mtu mwenyewe.

Nikaandika mahubiri kurasa nne, nikaweka Kutoka 23:8 pale inaposema rushwa huwapofusha macho hao waonao, nikaweka wana wa Samweli waliokuwa wanapokea rushwa na kupotosha hukumu, nikaweka na ile ahadi ya TANU tuliyofundishwa shuleni kwamba rushwa ni adui wa haki. Nikampelekea Mchungaji asome. Akasoma yote kimya, akanirudishia, akaniuliza swali moja tu: mzee, humu ndani umeandika rushwa mara ishirini na kitu, mbona cha juu hujaandika hata mara moja?

Sikuwa na jibu. Yeye hakuwa anajua chochote kuhusu mimi, alikuwa anauliza tu kama mtu anayejua waumini wake, maana akaendelea akasema watu hawa ukiwaambia rushwa wote wataitikia amina, kila mtu anamfikiria trafiki au hakimu, hakuna anayejifikiria yeye, kwa sababu anachokifanya yeye hakiitwi rushwa kinaitwa cha juu, kinaitwa asante, kinaitwa ya maji, kinaitwa posho. Nikaondoka na kurasa zangu nne na usiku ule sikulala vizuri, maana cha juu mimi nimekula miaka mitatu mfululizo na nilikuwa nimeshajisahaulisha.

Ngoja nieleze ilivyokuwa maana ambaye hajawahi kukaa manunuzi anaweza asielewe. Kampuni yetu ilikuwa na utaratibu mzuri tu kwenye karatasi. Kitu kikihitajika unatafuta profoma tatu, yani karatasi za bei, za wauzaji watatu tofauti, unazilinganisha, wa bei nafuu anapata LPO, yani oda ya kununua, analeta mzigo, stoo wanasaini delivari noti, analeta invoisi, uhasibu wanalipa. Sasa mimi nilikuwa na muuzaji mmoja wa karatasi na vifaa vya ofisi, jamaa mzuri, tulizoeana, na siku moja akaniambia kaka usihangaike kuzunguka kutafuta profoma, mimi nitakuletea zote tatu. Akaleta. Moja ya kwake, mbili zina vichwa vya kampuni nyingine na mihuri yao, bei zimepanda kidogo, ya kwake ndo ya chini. Kwa macho ya mkaguzi kila kitu kimekamilika. Ila sokoni katoni ya karatasi za A4 ilikuwa 55,000 na profoma yake ya chini ilisema 65,000.

Hiyo 10,000 ndo cha juu. Yangu ilikuwa 7,000 kwa kila katoni na yeye anabaki na 3,000, anasema ina kodi na usumbufu wake. Tulikuwa tunanunua katoni 30 kwa mwezi. Mwanzoni alikuwa ananitumia kwa simu, baadaye akawa ananipa mkononi kwenye bahasha ya kaki.

Nataka niseme ukweli jinsi moyo unavyojitetea, maana hapo ndo mahubiri mengi yanapita juu juu. Nilijiambia hela sio ya mtu masikini ni ya kampuni. Nilijiambia mshahara haujapanda. Nilijiambia muuzaji kanipa mwenyewe kwa hiari yake, sikumlazimisha, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Na kubwa kuliko yote, nilikuwa natoa fungu la kumi. Kila bahasha ikija natoa asilimia kumi napeleka kanisani, na nikishatoa najisikia hela iliyobaki imeshaoshwa. Sitii chumvi, nilikuwa naamini hivyo kabisa.

Baada ya lile swali nikarudi kwa Mchungaji jioni moja nikamweleza yote. Hakushtuka wala hakunifariji. Akafungua Walawi 6 akasema soma mwenyewe kwa sauti. Sura ile inamsema mtu aliyemdanganya mwenzake, kwa amana aliyowekewa, au kwa kumdhulumu, au kwa kuokota kitu akakana. Inasema atairudisha kamili, ataongeza na sehemu ya tano, atampa mwenyewe, halafu ndipo analeta kondoo dume kwa kuhani. Mchungaji akanisimamisha hapo akaniambia angalia mpangilio, mwenye mali anakuja kwanza, madhabahu inafuata, wewe ulianza na madhabahu na mwenye mali hujamfikia mpaka leo. Na Bwana Yesu naye kwenye Mathayo 5 anasema hivyohivyo, acha sadaka yako hapo, nenda kwanza ukapatane na ndugu yako.

Nikamuuliza sasa mbona Zakayo alirudisha mara nne na huku ni sehemu ya tano tu, ipi ndo yangu? Hapo akanifundisha kitu sikuwahi kukisikia kanisani. Torati ina vipimo tofauti kwa hali tofauti. Anayekiri analipa kamili na sehemu ya tano. Mwizi anayekamatwa na mnyama bado yuko hai mkononi mwake analipa mara mbili. Aliyekwisha kumchinja au kumuuza analipa kondoo wanne kwa kondoo mmoja na ng'ombe watano kwa ng'ombe mmoja, iko Kutoka 22. Zakayo hakukamatwa na mtu, alisimama mwenyewe kwenye nyumba yake akakiri, kwa hiyo angeweza kudai kile kipimo chepesi, lakini akajihukumu kwa kipimo cha mwizi aliyekwisha kuchinja kondoo. Na neno alilotumia ni kunyang'anya kwa hila. Hakusema kwa nguvu. Mtoza ushuru alikuwa na karatasi zake na mamlaka yake, mtu analipa bila kujua kazidishiwa kiasi gani, kama tu zile profoma zangu tatu.

Tukaanza kuhesabu. Na hapa ndo nataka mnisikilize vizuri maana kutubu kwa hela kuna hesabu zake, sio machozi tu. Kosa la kwanza nililotaka kufanya ni kuhesabu nilichopata mimi, 7,000 kwa katoni. Mchungaji akasema hapana, mwenye mali alipoteza shilingi ngapi? 10,000. Basi hesabu 10,000, ile 3,000 ya muuzaji ilitoka kwa sababu wewe ulifungua mlango. Katoni 30 kwa mwezi, miezi 36, ni katoni 1,080, kwa hiyo ni 10,800,000. Sehemu ya tano ya hiyo ni 2,160,000. Jumla 12,960,000. Na mimi mkononi nilikuwa nimepokea 7,560,000 tu. Nilipoona hiyo tofauti nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba cha juu kinamuumiza mwenye mali kuliko kinavyomnufaisha anayekula.

Mtu atauliza miezi yote 36 ulikumbukaje. Sikukumbuka. Nilienda kuomba taarifa ya miamala ya simu, nikapata baadhi tu ya miezi maana huko mbele alikuwa ananipa keshi, mingine nikaipata kwenye daftari langu la zamani nililokuwa naandika matumizi ya ujenzi wa nyumba, kuna mahali nimeandika "karatasi" na kiasi, sikuandika zaidi ya hapo. Iliyobaki ambayo sikuiona popote niliihesabu kwa katoni 30 kamili hata kama huenda mwezi fulani tulinunua 20, kwa sababu kama sina uhakika basi makosa yaangukie upande wangu na sio upande wa mwenye mali. Mke wangu ndo alisema hivyo, na yeye ndo alikuwa anasoma kikokotoo. Nilimweleza kabla ya kumfuata mtu yeyote mwingine maana hela hizo zilijenga chumba anacholala.

Kabla ya kwenda kampuni nikaonana na mwanasheria, na nawashauri wote msiruke hatua hii. Sheria yetu ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 15, inamgusa anayetoa na anayepokea, na haihusu serikali peke yake, mwajiriwa wa kampuni binafsi anayechukua kitu ili kumpendelea mtu kwenye kazi ya mwajiri wake yumo humohumo. Na kumpelekea mwajiri nyaraka za kumdanganya, kama zile profoma, nalo ni kosa linalojitegemea. Mwanasheria aliniambia wazi kwamba kurudisha hela hakufuti kosa, na kwamba bosi akiamua kwenda TAKUKURU hakuna wa kumzuia. Nikakaa wiki nzima na maneno hayo. Mchungaji naye hakuniahidi kwamba Mungu atanilinda nisishitakiwe, na namshukuru kwa hilo, maana nimewahi kusikia wahubiri wanaahidi vitu ambavyo hawawezi kuvileta.

Nikaenda. Mkurugenzi alikuwa bado yuleyule. Nikamuamkia, nikakaa, nikampa karatasi moja yenye hesabu zote. Akasoma mara mbili. Swali lake la kwanza halikuwa la hela, aliuliza mlifanyaje mkaguzi asione, nikamweleza zile profoma tatu, akaita mhasibu akatoa mafaili ya zamani, na tulipoziweka juu ya meza pamoja ilionekana kirahisi mno: zote tatu tarehe moja, vipimo vya maandishi vilevile, na neno moja limekosewa spelingi kwa namna ileile kwenye karatasi zote tatu. Miaka yote zilikuwa kabatini. Akaniuliza wengine wakina nani. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya dhambi yangu, njia nimekuonyesha yote, ukiitafuta kwa njia hiyo utaona mwenyewe. Mpaka leo sina uhakika kama nilijibu sawa, kuna siku naona nilimficha, kuna siku naona nilifanya vema kutotaja watu ambao sikuwa na ushahidi nao.

Akakubali nilipe kwa miezi 12, kila mwezi 1,080,000, tukaandikishana kwa mwanasheria. Hakunikumbatia. Aliniambia sitakwenda mbele na jambo hili ila duka lako halitapata oda hata moja kutoka hapa, na ameshika neno lake. Yule muuzaji wa karatasi nilimpigia kumwambia kwamba nimekiri, asije kushtukizwa, akanikatia simu na hatujaongea tena.

Basi nikadhani sasa niko huru kuhubiri. Ila wakati naandika upya mahubiri nikafika sehemu ya wafanyabiashara, Walawi 19:35 inayokataza uovu katika kupima urefu, na uzani, na kipimo, nikamkumbuka kijana wangu wa dukani alivyoniambia wiki moja nyuma kwamba fundi mmoja kalalamika nondo zetu nyepesi. Kesho yake asubuhi nikaenda na mzani. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa iwe na uzito wa kilo 10.6 hivi. Ukitaka kujua ya aina yoyote chukua kipenyo mara kipenyo gawanya kwa 162, unapata kilo kwa kila mita moja. Nilipima zangu kumi, nyingi zilikuwa kilo 9 na pointi chache. Hiyo ni nondo ya milimita 11 inauzwa kwa jina la 12, kwa macho huwezi kuona tofauti hata uwe fundi wa miaka 20, ila nguzo ya ghorofa itaona. Kiwanda kinaweza kupungua kidogo, lakini kilo nzima na nusu sio kupungua kidogo.

Nilizinunua kwa bei poa kwa muuza jumla na sikuuliza kwa nini ni poa. Hilo nalo ni kosa, kutouliza. Nilimrudia akakataa kuzipokea, akasema wenzio wote wanaziuza. Zilikuwa zimebaki 140. Nikaziweka pembeni nikaandika kwa chaki kwamba hizi sio 12, nikaziuza kwa bei ya milimita 10 kwa mtu wa uzio baada ya kumwambia ukweli, nikala hasara ya 4,000 kwa kila moja. Zile zilizokuwa zimeshauzwa nilifungua kitabu cha risiti, wateja wawili nikawapata, mmoja alikuwa bado hajamwaga zege nikambadilishia, mwingine alikuwa amejenga choo cha nje nikamrudishia tofauti na sehemu ya tano yake. Waliobaki walilipa keshi bila risiti na siwajui. Kumbe ndo faida moja ya risiti ya EFD ambayo hatuisemi, tunaifikiria ni ya TRA tu, kumbe ni njia ya kumpata uliyemkosea. Kwa hao nisiowajua nikafuata Hesabu 5, inayosema kama hakuna wa kurudishiwa basi kinakwenda kwa Bwana kupitia kuhani, na Mchungaji akaelekeza hela hiyo kwenye mfuko wa wajane. Nadhani na Zakayo ile nusu ya mali aliyowapa maskini ilikuwa ina maana hiyo pia, mtoza ushuru hawezi kumkumbuka kila mtu aliyepita barabarani Yeriko.

Jumatano ikafika. Kanisa lilijaa kiasi, watu kama 80, wengine na vitambulisho vya kazini shingoni. Sikuhubiri kurasa nne. Nilisoma Luka 19 mstari wa 1 mpaka wa 10, nikawaambia mimi ni fulani, nimekula cha juu miaka mitatu, kiasi ni hiki, nimefikia awamu ya pili ya kukilipa. Kanisa likawa kimya mpaka unasikia feni. Halafu nikataja vitu kwa majina yake ya mtaani, kimoja kimoja, bila kupandisha sauti: cha juu kwenye invoisi. Kuchukua posho ya siku tano wakati umelala siku mbili. Mafuta ya gari la ofisi kuyanyonya jioni. Ya kupitisha faili. Bei mbili, ya risiti na ya bila risiti, ambapo mteja ameshalipa ile VAT ya asilimia 18 ndani ya bei na wewe unaiweka mfukoni. Risiti ya 50,000 kwa mzigo wa 500,000. Asante ya fundi.

Hiyo ya mwisho nilikaa nayo maana ni yangu ya sasa. Fundi anakuja dukani na mteja, mteja akiwa nje kwenye gari fundi ananong'ona, bosi simenti andika 18,000 ile 1,500 yangu, wakati bei ni 16,500. Nilikuwa nafanya. Siku napiga hesabu za karatasi za kampuni ndo nikaona ni kitu kilekile, ila safari hii mimi ndo muuzaji mwenye bahasha na fundi ndo mimi wa zamani. Nikawaambia waumini sasa hivi bei nimezibandika kwenye ubao mlangoni, na fundi anayeleta oda kubwa nampa punguzo lake likiwa limeandikwa kwenye risiti, mteja analiona. Mafundi wanne wamehama wakaenda duka la jirani. Wawili wamebaki, na mmoja wao wateja wake wameanza kumtuma peke yake na hela bila kumfuata. Mauzo ya simenti yameshuka, sijui yatarudi lini, na niliwaambia hivyohivyo madhabahuni.

Baada ya ibada kuna mama mmoja, anaagiza vitenge na nguo, alinisubiri mlangoni. Akasema baba, mimi sio mwizi, mimi naibiwa. Kontena langu limekamilika karatasi zote, kodi nimelipa, kuna mtu ameshikilia faili anataka laki tano, na kila siku ninayokataa gharama za kuhifadhi zinapanda, sasa mahubiri yako yananiambia nini? Swali lile lilinipiga, maana kwenye mahubiri yangu niliwasema walaji tu. Nikamwambia ukiangalia Biblia amri yenyewe imeelekezwa kwa mpokeaji, usipokee rushwa, na Yohana Mbatizaji kwenye Luka 3 aliwakemea watoza ushuru na askari, sio wale waliokuwa wanakamuliwa. Kulipa ili upewe kisicho chako na kulipa ili uachiwe kilicho chako sio kitu kimoja mbele ya dhamiri. Ila sheria ya nchi haijatenganisha hivyo, mtoaji anashikwa pia, na nisingeweza kumwambia alipe.

Tulichofanya ni hiki. Nilimwambia hela yoyote halali ya serikali ina kontroo namba, kwa hiyo arudi amwambie yule mtu kwa adabu kabisa, naomba kontroo namba ya hiyo laki tano nikalipe benki. Aandike tarehe, saa, dirisha gani, maneno gani. Aandike barua kwa mkuu wa kitengo aombe agongewe muhuri wa kupokelewa. Na apige 113 ya TAKUKURU kabla hajatoa hata shilingi, sio baada, maana ukishatoa na wewe una kesi. Akafanya. Mzigo ulitoka baada ya siku tisa, na gharama za kuhifadhi alizolipa zilizidi ile laki tano. Alinionyesha stakabadhi. Alisema hajutii lakini hawezi kufanya hivyo kila kontena, mtaji utakwisha, na mimi sikumpinga. Sasa hivi wako akina mama sita wanaoagiza pamoja, wanaandika barua kwa pamoja, maana mtu mmoja faili lake likilazwa anaumia peke yake.

Kijana mmoja mtunza stoo naye alikuja, akataka kujua kama anaweza kurudisha kimyakimya, yani kuingiza hela kwenye akaunti ya kampuni bila jina. Nikamwambia inawezekana mwenye mali akapata hela yake na hilo ni bora kuliko kutorudisha, ila zile profoma zitaendelea kukaa kabatini na mtu mwingine ataendelea na njia ileile uliyoiacha wazi. Ana watoto wawili wadogo na mkataba wa mwaka mmoja. Sikumsukuma. Nilimpa namba ya mwanasheria na bado tunaongea.

Kuna jambo moja halijaisha. Lile fungu la kumi nililotoa kwenye cha juu, 756,000, liliingia kwenye paa la kanisa. Mimi mwenyewe ndo niliomba baraza la wazee lijadili kama kanisa linaweza kubaki nalo, kwa sababu Kumbukumbu la Torati 23:18 inakataza mapato ya namna fulani kuletwa nyumbani kwa Bwana. Wengine wanasema nimeshakubali kuilipa kampuni yote kwa hiyo sadaka sasa ni safi. Wengine wanasema itolewe kwa maskini, kanisa lisijengewe na invoisi za uongo. Mzee mmoja akauliza kama tutaanza kuuliza hela zilikotoka tutaishia wapi, na paa limeshaezekwa. Mchungaji hakutaka kupiga kura, amesema tukae tena mwezi ujao na kila mzee aje amesoma Walawi 6 na amepiga hesabu za kwake kwanza.